Video ya dawa, ya ushuhuda au ya huduma: ipi inafaa duka lako?

Minada ya korosho ikikaribia, wenye maduka hapa Mtwara huanza kutafuta watu wa kamera. Pesa inaingia mjini na kila mtu anataka kuonekana TikTok na kwenye magrupu ya WhatsApp kabla ya jirani yake. Kwa muuza viatu au muuza simu, kazi ni nyepesi: onyesha mali, taja bei, taja mtaa. Mwenye duka la dawa hana wepesi huo, kwa sababu mtu akiamini sentensi moja ya video yake, ataimeza au atamnywesha mwanawe.

Nitalinganisha aina tatu za video ambazo wenye maduka huniomba. Nitatumia maduka mawili kama mfano. La kwanza ni duka la dawa muhimu maeneo ya Chikongola, Mtwara mjini, lenye mtoa dawa aliyesomea kazi hiyo. La pili ni duka la dawa asili Lindi mjini, linalouza unga wa mlonge, habasoda, asali na mafuta ya mimea. Yote mawili yana pesa ya video moja kwa kuanzia, kwa hiyo lazima wachague.

Kwanza, wajue wanamjibu nani. Duka la dawa liko chini ya Baraza la Famasi. Tangazo la dawa yenyewe husimamiwa na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na hutakiwa kupata kibali chao kabla halijatoka. Duka la dawa asili liko chini ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kwa sheria ya mwaka 2002, na matangazo yake hupitia huko kwanza. Ukiweka video kwenye simu yako binafsi bado ni tangazo. Kusema "mimi nimepost tu" hakubadilishi kitu.

Ushuhuda

Hii ndiyo inayoombwa kuliko zote, na ndiyo ninayoikataa haraka kuliko zote. Mzee anakaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya duka, anasema sukari ilimsumbua miaka mingi, akatumia unga wa mlonge, sasa yuko fiti. Watu wanaiangalia kweli, wanaisambaza, wanapiga simu.

Shida ni kwamba maneno ya mzee yakishakuwa ndani ya video ya duka, ni maneno ya duka. Huwezi kujitetea kwamba yeye ndiye aliyesema. Halafu kuna yale ambayo mzee hakuyasema kwa sababu hakuulizwa. Huenda vidonge vya kliniki bado anakunywa, au amepunguza ugali na chai ya sukari, au hajapima tangu siku ile alipojisikia vizuri. Mtu wa Newala anayeitazama video hiyo haoni lolote kati ya hayo. Anachosikia ni kwamba vidonge vinaweza kuachwa.

Kuna ushuhuda mmoja tu ambao ningekubali kuurekodi, nao hauhusu kupona. Mama anasema, "Nilikuja na mtoto ana homa, yule dada akaniuliza maswali, akaniambia hii si ya dukani, niwahi hospitali ya Ligula." Huo unasifu huduma, haumwahidi mtu afya. Hata hivyo mji wetu ni mdogo. Muulize mama kama anataka majirani wote wajue mtoto wake aliumwa nini, na kadi ya kliniki isionekane kwenye picha.

Video ya bidhaa

Hapa ndipo wengi huteleza wakidhani wako salama, kwa kuwa hakuna anayedai muujiza. Tuanze na duka la Chikongola. Walitaka video fupi ya sirapu ya parasetamo ya watoto. Maneno waliyoniandikia yalikuwa haya: "Mtoto ana homa? Mpe kijiko kimoja mara tatu kwa siku, atapoa kabisa."

Sentensi fupi, na makosa yake ni mengi. Chukua hilo neno "kijiko". Vijiko vya jikoni havilingani; cha chai cha nyumba hii si sawa na cha nyumba ile, na kuna mama atakayechukua cha kulia wali. Dawa hupimwa kwa mililita, kwa kikombe au bomba la plastiki lililokuja na chupa.

Lakini tuseme kijiko chake ni cha mililita 5 sawasawa. Bado hatujui chupa gani. Sirapu ya parasetamo inayozoeleka ina miligramu 120 katika mililita 5. Ipo nyingine yenye miligramu 250 katika mililita 5 zile zile, iliyotengenezwa kwa watoto wakubwa zaidi, na chupa zake zinaweza kufanana. Mtoto wa kilo 8 anastahili kati ya miligramu 80 na 120 kwa mara moja, kwa sababu hesabu ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Kwa chupa ya kwanza, kijiko kile kinampa 120: sawa. Kwa chupa ya pili kinampa 250, zaidi ya mara mbili ya kiwango chake cha juu. Mama amefuata video neno kwa neno, na amekosea.

Sasa ongeza kitu ambacho mtoa dawa yeyote amekutana nacho. Mama huyo huyo ana sirapu ya mafua nyumbani, na ndani ya sirapu ile kuna parasetamo pia. Anadhani anatoa dawa mbili tofauti, kumbe anarudia moja. Parasetamo ikizidi kwa siku kadhaa huumiza ini, na ini haliumi mapema. Mtoto anaweza kuonekana wa kawaida mwanzoni, kisha akaanza kutapika na kukataa kula watu wakidhani ndiyo homa yenyewe.

Na lile "atapoa kabisa" lina hatari yake kwa sisi wa kusini. Homa ya mtoto huku kwetu hupimwa malaria. Parasetamo hushusha joto, haiui vimelea. Mtoto aliyepoa jioni baada ya sirapu anaweza kuzidiwa alfajiri, na siku nzima ya matibabu imepotea kwa sababu video ilisema atapoa.

Je, ukiandika chini ya video "soma maelekezo, muone daktari" hujajiokoa? Hapana, na sababu ni ya kiufundi kabisa. Watu hupakua video na kuituma WhatsApp. Maelezo uliyoandika chini hubaki TikTok. Kinachosafiri ni picha na sauti. Isitoshe, mtu anaweza kukata sekunde kumi tu na kuziweka status. Kwa hiyo onyo lililo nje ya picha ni kama halipo, na dozi iliyotamkwa ndani ya picha itafika mahali ambapo hujui mtoto ana kilo ngapi.

Kwa dawa za cheti habari ni fupi zaidi: hazitangazwi kwa umma. Zile kapsuli ambazo watu huziita rangi mbili, au mseto, au dawa za presha, usizishike mbele ya kamera na kuzisifu. Angalia pia kilicho nyuma yako. Nimewahi kusimamisha kurekodi kwa sababu rafu nyuma ya dada ilijaa boksi ambazo duka la ngazi ile haliruhusiwi kuuza. Kamera ya simu siku hizi inasoma hata jina la kiwanda. Mkaguzi hahitaji kuja, anasogeza picha karibu tu. Na duka la dawa muhimu lisijiite famasi kwenye maandishi ya video, wala lisionyeshe mtu anachomwa sindano.

Kwa hiyo video ya bidhaa inabaki na nini? Kwa dawa baridi iliyosajiliwa, baada ya kupata kibali, unaweza kuonyesha boksi, jina, kwamba ipo na bei yake. Ni kidogo, na pesa ya video inauma ukiitumia kwa hayo tu.

Upande wa Lindi: unga wa mlonge

Duka la dawa asili lina kishawishi kikubwa zaidi, maana bidhaa nyingi hazina karatasi ya maelekezo ndani, na mteja mwenyewe anauliza, "Hii inatibu nini?" Mwenye duka ana majibu tayari kichwani, aliyoyarithi au kuyasikia. Nilipomwomba aandike anachotaka kusema, tukakaa na kubadilisha mstari kwa mstari.

| Alichoandika | Tulichokubaliana |
|---|---|
| Mlonge unatibu kisukari na presha. | Tunauza unga wa majani ya mlonge, uliokaushwa kivulini na kusagwa. |
| Hauna madhara, ni asili asilimia 100. | Kama una mimba, unanyonyesha au unatumia dawa za hospitali, tuambie kabla hujanunua. |
| Kunywa vijiko viwili asubuhi na jioni. | Kwetu mlonge ni chakula. Watu huutia kwenye uji na mboga. |
| Umethibitishwa na Mkemia Mkuu. | (Tumeufuta.) |

Mstari wa kwanza alijaribu kuuokoa kwa neno "unasaidia". Unasaidia kisukari, unasaidia presha. Watu wa matangazo wanalipenda sana neno hilo. Lakini mgonjwa wa sukari akisikia "unasaidia kisukari" haendi kutafuta tofauti kati ya kusaidia na kutibu, ananunua. Kipimo changu ni rahisi: jina la ugonjwa likishatajwa kwenye sentensi moja na bidhaa, hayo ni madai ya tiba, kitenzi chochote utakachoweka katikati. Ni hivyo hivyo hata kama sauti imenyamaza na maandishi ya njano juu ya picha yanasema KISUKARI BYE BYE, au umeweka picha ya mguu wenye kidonda upande huu na mguu mzima upande ule.

Mstari wa pili ndio unaoumiza watu kimyakimya. Mgonjwa wa kisukari anayemeza vidonge vya kushusha sukari, akiongeza mmea ambao nao unaweza kuishusha, sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Atatoka jasho, atatetemeka, atachanganyikiwa. Nyumbani watadhani njaa au kurogwa. Mwingine atafanya kinyume chake: ataacha vidonge kabisa kwa kuwa ameambiwa unga hauna madhara, na sukari itapanda polepole bila maumivu yoyote hadi macho au miguu ilete habari. Video moja inaweza kuwafikia wote wawili jioni ile ile.

Vijiko viwili tulivifuta kwa sababu hakuna aliyevipima. Unga wa mlonge wa mtu huyu si mzito kama wa yule, na bidhaa ambayo haina dozi iliyosajiliwa haipewi dozi na kamera. Kuutaja kama kiungo cha uji kunatosha, maana ndivyo unavyoliwa kweli. Nilimwambia pia kwamba asianze kutumia neno "chakula" kama mlango wa nyuma. Sentensi inayofuata ikisema "na presha inashuka", tumerudi kule kule.

Kuhusu Mkemia Mkuu, mwenye duka aliudhika kidogo, kwa sababu karatasi ya maabara anayo kweli na aliilipia. Nikamweleza kwamba sampuli ikipimwa maabara na kuonekana haina sumu, jibu hilo linahusu sumu. Halisemi kwamba unga unatibu kitu. Kuiinua karatasi mbele ya kamera huku unataja ugonjwa ni kuifanya ishuhudie jambo ambalo haikuulizwa. Vivyo hivyo na cheti cha duka: kimesajili duka, hakijathibitisha kila chupa iliyo kwenye rafu. Na kama bado una stika ya TFDA ukutani, jina hilo lilibadilika kuwa TMDA 2019. Ukiionyesha leo unajitangaza kuwa hujafuatilia.

Video ya huduma

Hii haiuzi chupa. Inamuuza mtu aliye nyuma ya kaunta na namna anavyofanya kazi. Kwa duka la dawa muhimu ndiyo mali kubwa iliyopo. Mfumo wa maduka haya ulianzia kwa jirani zetu Ruvuma mwaka 2003, na msingi wake ni kwamba anayetoa dawa awe amefundishwa kuuliza maswali kabla ya kufungua droo. Duka la Chikongola lilichagua hii, na maneno yakawa hivi, kama dakika moja hivi:

Mtoa dawa amesimama mlangoni, kibao cha duka kinaonekana: "Karibu. Hapa ni Chikongola, tunafungua saa mbili asubuhi, tunafunga saa tatu usiku."

Kisha yuko kaunta: "Mama, ukija kuchukua dawa ya homa ya mtoto, njoo na kadi yake ya kliniki, tuone ana kilo ngapi. Na kama umeshampa dawa nyingine tangu jana, njoo na chupa yake, hata kama imeisha."

Anaonyesha kikombe kidogo cha plastiki na bomba, bila chupa yoyote ya dawa mezani: "Tutakuonyesha hapa hapa pa kuishia. Kijiko cha nyumbani kiache kwenye chai."

Mwisho anatazama kamera: "Mtoto akipata degedege, akishindwa kunyonya, akitapika kila anachopewa, au amelegea haamki vizuri, usipitie kwetu. Nenda kituo cha afya moja kwa moja, hata kama ni usiku. Na homa yoyote ya mtoto, apimwe malaria."

Mwenye duka alishtuka kidogo kusikia "usipitie kwetu" ndani ya tangazo alilolilipia. Nilimwachia aamue. Mkewe ndiye aliyesema liache, kwa sababu mama aliyeambiwa ukweli usiku wa degedege atarudi kununua hapo mwaka mzima. Mimi naongeza sababu moja: ukikata sekunde kumi popote katika video hii na kuzituma Tandahimba, hakuna kipande kitakachompa mtu dozi wala kumchelewesha mgonjwa.

Hasara zake zipo. Haitasambaa kama ushuhuda. Watu hawatumiani video ya kikombe cha plastiki kwa shauku. Inahitaji mtoa dawa ambaye hana aibu na kamera, na awe yeye mwenyewe. Usimvalishe shemeji yako koti jeupe kwa kuwa anaongea vizuri. Na wateja wanaozoea kumwita "dokta" wasikike wakifanya hivyo kidogo iwezekanavyo. Yeye ajitambulishe kwa kazi yake halisi.

Kwa duka la Lindi video ya huduma ina sura tofauti, na hapa kuchagua ni kugumu kidogo. Hawana kadi ya kliniki ya kuzungumzia. Walichonacho ni namna wanavyopata mali: majani yanachumwa wapi, yanakaushwaje yasiote ukungu, kwa nini asali yao wanaichuja mara mbili, tarehe ya kusaga iko wapi kwenye pakiti. Hayo yanarekodika vizuri sana na macho yanayapenda, kuliko mtu aliyesimama akihesabu magonjwa. Mwishoni mwenye duka anasema lile swali lake la dawa za hospitali na ujauzito, kwa sauti, si kwa maandishi madogo. Kwao ningechagua mchanganyiko: robo tatu ni kazi ya mikono, robo ni tahadhari, na maneno yote yapelekwe Baraza kabla mtu hajawasha simu ya kurekodi.

Yanayokuja baada ya kupost

Video nzuri inaweza kuharibiwa na maoni. Mtu ataandika, "Wa miaka miwili nampa ngapi?" Ukijibu hapo, umetoa dozi kwa kila atakayesoma, na umri si uzito. Ukijibu inboksi ni afadhali kidogo, lakini bado huoni chupa. Simu ni bora kuliko zote mbili, kwa sababu mtoa dawa anaweza kuuliza na kurudia kuuliza. Jibu tulilobandika juu ya maoni ya duka la Chikongola ni hili:

"Mama, dawa ya mtoto tunapima kwa kilo zake. Njoo naye au njoo na kadi ya kliniki, au piga namba ya duka uongee na mtoa dawa. Akiwa amelegea au ana degedege, wahi kituo cha afya sasa."

Maoni ya aina nyingine ni ya sifa: "Unga wenu umeniponya presha, Mungu awabariki." Mwenye duka wa Lindi alitaka kuyapigia moyo na kuyaweka juu. Ukifanya hivyo, umeshapokea ushuhuda uleule tuliokataa kuurekodi, tena bila gharama ya kamera. Tulikubaliana amshukuru kwa kununua, amkumbushe aendelee kupima na asiache dawa za kliniki, na maoni yenye jina la ugonjwa yafutwe au yafichwe. Kijana wake anayapitia kila jioni baada ya kufunga hesabu.